Sekunde kumi za kwanza mbele ya banda la mwajiri

*Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 24, nimemaliza shahada ya ununuzi na ugavi Mzumbe mwaka jana. Nimeshakwenda maonesho ya ajira Morogoro na Dar. Kila nikifika kwenye banda nasalimia, najitambulisha, natoa wasifu wangu, naambiwa "asante, tutakutafuta" au "ingia kwenye tovuti yetu", basi. Wenzangu wengine naona wanaongea na watu walewale dakika tano nzima. Naambiwa siri iko kwenye sekunde kumi za kwanza. Sekunde hizo nifanye nini hasa? Na wale walio nyuma ya meza niwape shikamoo au la?*

Marahaba, mdogo wangu.

Mtu aliye nyuma ya meza, katika sekunde hizo kumi, bado hakupimi kama unafaa kazi. Hawezi, na hajaribu. Anachojiuliza ni kitu kidogo zaidi: huyu nimweke wapi? Mbele ya banda lake wanapita watu wa kila namna. Kuna aliyefuata kalamu na mfuko wa bure, kuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayezunguka tu, kuna anayetafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, kuna muuzaji wa huduma anayetaka kampuni imnunue yeye, na kuna wahitimu kama wewe. Kila mmoja ana jibu lake lililo tayari mdomoni. Wa kalamu anapewa kalamu. Wa mafunzo anaambiwa alete barua ya chuo. Mhitimu ambaye haijajulikana ni wa nini hasa anapewa jibu linalowatosha wote, yaani tovuti. Kwa hiyo "ingia kwenye tovuti yetu" mara nyingi si dharau, na wala si kukataliwa. Umeambiwa hivyo kwa sababu aliyekusikiliza hakupata mahali pa kukuweka. Kazi ya sekunde kumi ni kumpa mahali hapo.

Ukiliona hivyo, utaelewa kwa nini kutanguliza wasifu kunakuumiza. Karatasi inapofika mkononi mwake, ana mambo matatu tu ya kufanya nayo: kuipokea, kushukuru na kuiweka juu ya nyingine. Akishamaliza hayo matatu, mazungumzo yamekwisha kwa heshima zote, na wewe ndiye uliyeyafunga. Hawezi kuisoma pale pale huku umemsimamia na nyuma yako kuna watu. Basi karatasi ibaki kwenye faili mpaka iitwe.

Turudi nyuma hatua chache, maana unaanza kutazamwa kabla hujafungua mdomo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Janine Willis na Alexander Todorov, walionesha watu nyuso za wasiowajua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hukumu walizotoa kwa muda huo mfupi, kwa mfano kama mtu anaaminika au haaminiki, zililingana kwa kiasi kikubwa na hukumu za waliopewa nafasi ya kutazama watakavyo. Sura yako huwezi kuibadilisha njiani, na usijisumbue nayo. Unachoweza kuchagua ni nini kinaonekana unapokuja. Ukija huku unatazama simu, au macho yako yako kwenye vipeperushi vilivyopangwa mezani, yule mtu ameshakuweka kwenye kundi la wapita njia ukiwa bado mita tatu mbali.

Kabla hujasogea, simama pembeni kidogo, mita nne au tano, utazame nani yuko huru. Usitazame nyuso, tazama miguu na viwiliwili. Watu wawili waliosimama wakikabiliana uso kwa uso, vidole vya miguu vikielekeana, wamefunga mazungumzo yao. Ukiingia hapo unakatiza. Wakiwa wamesimama pembe, kama herufi V, upande mmoja umeachwa wazi na wewe unaweza kuujaza. Aliye peke yake anayepanga vipeperushi vilivyokwisha kupangwa yuko huru kabisa, tena atafurahi umtoe kwenye upweke. Aliyeinamia kompyuta mpakato anaandika kitu. Mpe nusu dakika.

Kagua mikono yako pia. Wa kulia uwe mtupu na mkavu. Faili likae mkono wa kushoto, mkoba bega la kushoto, chupa ya maji ndani ya mkoba, simu mfukoni. Jambo hili ni dogo lakini huharibu salamu nyingi sana: mtu anafika na faili mkono wa kulia na simu wa kushoto, mwenyeji ananyoosha mkono, mgeni anaanza kuhamisha vitu, faili linateleza, samahani, samahani, na zile sekunde zimeishia hapo. Wale waliozoea kushika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto wanapotoa heshima wajue kwamba faili likiwa kwapani litaanguka. Kwenye banda inatosha kutoa mkono wa kulia na kuinamisha kichwa kidogo.

Sasa sogea, umtazame, na akikutazama mpe ishara ndogo ya kichwa kabla hujafika. Usisimame katikati ya meza. Meza nyingi za maonesho zina upana wa sentimita 60 hadi 75, na wewe na yeye kila mmoja huacha nafasi yake, hivyo mkikabiliana mnakuwa mita moja na zaidi, katikati yenu kuna lundo la karatasi, na ukumbi mzima unapiga kelele. Nenda kwenye pembe ya meza. Hapo mnasimama kwa mshazari, umbali unapungua hadi sentimita 70 au 80 bila kumvamia, na yeye hajihisi yuko kaunta ya benki. Kuna faida ya sauti vilevile. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inayomfikia moja kwa moja inaongezeka kwa desibeli 6 hivi bila wewe kupaza. Kupaza kuna gharama, kwa sababu sauti iliyopazwa hupanda juu na kuwa nyembamba, na nyembamba husikika kama hofu hata kama huna hofu. Ila usipite ubavuni ukaingia nyuma ya meza. Upande huo ni wao.

Tufike kwenye shikamoo. Kama mtu anaonekana wazi ni wa umri wa wazazi wako, mpe shikamoo, subiri marahaba yake, ndipo uendelee. Usiikimbize, shikamoo inayotupwa huku umeshaanza kutaja jina ni mbaya kuliko kutoitoa. Lakini wengi utakaowakuta bandani wana miaka 26 hadi 35. Huyo ukimwamkia, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Unamzeesha mbele ya wenzake, na wewe mwenyewe unajishusha kuwa mtoto, katika mazungumzo ambayo unataka uonekane mtu anayeweza kukaa nao ofisini wiki ijayo. Ataitikia, ndiyo, huku anacheka, na baada ya hapo itabidi upande tena kutoka pale ulipojiweka. Kwa hao, na kwa yeyote ambaye umri wake unakutatiza, tumia "poleni na kazi" au "habari za asubuhi". Mimi napendelea "poleni na kazi". Wamesimama tangu asubuhi, salamu hiyo imekaa mahali pake, inawajumuisha wote walio mezani, na mkubwa aliyejificha kati yao hawezi kusema umemkosea adabu. Kama mezani kuna mzee mmoja na vijana wawili, mwamkie mzee kwanza kwa kumtazama yeye, kisha "poleni na kazi" kwa wote.

Salamu ziishie hapo. Habari za nyumbani na za watoto si za mtu usiyemjua. Lakini usikate pia. Hapa ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni unapotosha, kwa sababu umetoka kwenye jamii ambazo salamu ni neno moja na jina linafuata hapo hapo. Kwetu salamu ina nusu mbili, na nusu ya pili ni ya mwenzako. Ukisema "poleni na kazi, naitwa..." bila kumwachia nafasi ya kujibu "asante, karibu", umemnyima zamu yake, na atakuwa bado anaijibu salamu wakati wewe unataja jina. Jina litapotea. Kwa hiyo ihesabu saa yako kuanzia pale salamu ilipoitikiwa. Salamu yenyewe huchukua sekunde tatu au nne, na hizo hazihesabiki.

Mkono usiutangulize, mwache mwenyeji autoe. Akiutoa, kamata kiganja chote, tikisa mara mbili, achia. Kwa kuwa wewe ni mwanamke, utakutana na wanaume Waislamu wasiopeana mikono na wanawake, hasa ukienda maonesho ya Zanzibar au ya miji mingine ya pwani. Ukiona mkono hauji, weka wako kifuani, inamisha kichwa, endelea kana kwamba hakuna kilichopungua, maana kweli hakuna. Na kama umelelewa kukunja goti unaposalimia, angalia jambo moja: ukikunja mbele ya meza, uso na sauti vinashuka pamoja, na maneno yako yanaishia kwenye kitambaa cha meza. Kunja wakati wa shikamoo ukitaka, kisha simama wima ndipo utaje jina.

Jina ndilo linaloharibika zaidi, na sababu ni kwamba kwako ni la kila siku. Unalitamka haraka kuliko neno lolote kwa kuwa umelisema maelfu ya mara. Yeye analisikia mara ya kwanza, ndani ya kelele. Litamke polepole kuliko maneno yanayofuata, majina mawili tu, na pumzi ndogo kati ya la kwanza na la pili. Yale matatu ya kwenye cheti yaache kwenye cheti. "Kwa majina naitwa" nayo iache. Ni maneno matatu pale ambapo moja linatosha.

Jina la kwake nalo litakutoroka, na si kwa sababu una kumbukumbu mbovu. Mwaka 1973 mtafiti Malcolm Brenner aliwakalisha watu wakawa wanasoma maneno kwa zamu, akaona kwamba kila mmoja alisahau zaidi yale yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yake mwenyewe. Akili ilikuwa imeshaanza kujiandaa. Ndivyo ilivyo bandani: anakutajia jina lake wakati wewe unapanga sentensi yako. Dawa yake ni kufika na sentensi iliyokwisha kukaa mdomoni, ili kichwa kiwe huru kusikiliza, kisha kulirudisha jina lake mara moja papo hapo: "Asante, dada Rehema." Kama amevaa kitambulisho, kisome ukiwa bado unakuja, kukisoma ukiwa umeshafika maana yake ni kumkodolea mtu macho kifuani.

Sasa sentensi yenyewe. Nitaifanyia kazi pamoja nawe, kwa mfano wa kiwanda cha vinywaji kilichoweka banda Dar es Salaam. Wahitimu wengi wa fani yako husema kitu kinachofanana na hiki:

"Samahani kwa kuwasumbua. Mimi kwa majina naitwa Fulani Fulani, ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya ununuzi na usimamizi wa ugavi kutoka Chuo Kikuu Mzumbe. Ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi katika mazingira magumu na bila kusimamiwa, na niko tayari kufanya kazi yoyote. Sijui kama mna nafasi?"

Isome kwa sauti huku unatazama saa. Itakula karibu sekunde 20. Lakini urefu si kosa lake kubwa. "Samahani kwa kuwasumbua" inaomba radhi kwa watu waliolipia banda ili wasumbuliwe. "Mchapakazi" na "najituma" haziwezi kumsaidia kukuweka popote, kwa sababu aliyekutangulia amezisema na anayekufuata atazisema. Mbaya kuliko zote ni "kazi yoyote". Wewe unaona umepanua mlango. Yeye anasikia kwamba hakuna idara ya kukuelekeza. Halafu swali la mwisho, "mna nafasi?", linamwomba kitu ambacho mara nyingi hana ruhusa ya kukisema. Nafasi hutangazwa na ofisi; aliyeletwa bandani hawezi kuahidi. Akibanwa hivyo, hana njia nyingine ila tovuti.

Linganisha na hii:

"Naitwa Fulani Fulani. Nimemaliza ununuzi na ugavi Mzumbe. Mafunzo ya vitendo nilifanya stoo, kiwanda cha sabuni. Kuna mwenzenu hapa wa upande wa ununuzi?"

Maneno 23. Kwa mwendo wa utulivu, pamoja na pumzi baada ya kila nukta, ni sekunde kumi hivi. Angalia kila kipande kinafanya nini. Jina linampa cha kukuitia. Fani na chuo vinampa idara. Kipande cha tatu ndicho chenye uzito, kwa sababu ni kitu ulichokifanya kwa mikono yako mahali panapofanana na kwao: kiwanda cha sabuni na kiwanda cha vinywaji vyote vina malighafi, vifungashio, malori ya kupokea mzigo na stoki ya kuhesabu. Ukifika kwenye banda la benki, kipande hicho ukibadili. Benki hainunui malighafi. Inanunua huduma, samani, vifaa vya ofisi na vya tehama. Hapo ni afadhali kusema "nilikuwa naandaa nyaraka za zabuni", kama kweli uliziandaa. Na kwenye taasisi za umma useme kama umeshagusa mfumo wa NeST, kwa kuwa ununuzi wa serikali Tanzania unapita humo, na anayesikia neno hilo anajua mara moja unazungumzia kazi gani. Usitaje usichoweza kukieleza kwa dakika mbili zaidi, maana kinachoombwa maelezo ni kile kile ulichokitaja.

Kipande cha nne, swali, kinaonekana kidogo na ndicho kinachofungua mazungumzo. Bandani kwa kawaida kuna watu wa aina mbili. Wapo wa rasilimali watu, ambao kazi yao ni kupokea wote, na wapo waliovutwa kutoka idara nyingine, ambao wanaijua kazi kwa undani na wamechoka kuulizwa mshahara wa kuanzia ni kiasi gani. Swali lako linamwomba wa kwanza akupeleke kwa wa pili. Ni swali analoweza kulijibu bila kufikiri na bila kuahidi chochote, na kulijibu kunamfanya akusaidie. Akigeuka na kusema "njoo uongee na kaka huyu", umefika kwa mtu wa ununuzi ukiwa umeletwa na mwenzake.

Wakati mwingine atasema hakuna. Usiondoke. Shika swali la pili uliloliandaa, nalo liwe la kazi: "Kwa anayeanza kwenye idara hiyo, kwenu anaanzia stoo au ofisini?" Mtu wa rasilimali watu analijua jibu, kwa kuwa yeye ndiye anayewapangia wanaoanza. Na jibu lake litakupa kitu cha kusema kuhusu ule muda wako stoo. Mazungumzo yameshaanza, na kwa kawaida utaona sekunde kumi zilishapita zamani.

Maswali mengine mawili yanafaa kuepukwa hapo mwanzoni. "Kampuni yenu inafanya nini hasa?" linasema hujasoma hata bango lililo nyuma yake. Na swali la kitaalamu mno, kwa mfano sera yao ya kuagiza vifungashio kutoka nje, linamweka mtu wa rasilimali watu kwenye aibu ya kutojua, na mtu aliyeaibika hufunga mazungumzo haraka. Liweke kwa ajili ya yule wa ununuzi.

Lugha? Salimia kwa Kiswahili, kisha fuata ya kwake. Akijibu salamu kwa Kiswahili na kuendelea kwa Kiingereza, hamia nako bila kusita. Wengine hupima hapo hapo kama unakimudu. Kwa hiyo sentensi yako iwe tayari kwa lugha zote mbili, na ile ya Kiingereza uitunge upya kwa ufupi ule ule, badala ya kuitafsiri neno kwa neno. Kama utakwenda maonesho Nairobi, shikamoo itumie kwa uchache zaidi kuliko Dar, "habari yako" inatosha, na tarajia Kiingereza kuingia mapema.

Utajuaje kama imekwenda vizuri? Usitazame tabasamu, maana wamefundishwa kutabasamu. Dalili ya kweli ya kwanza ni swali kutoka kwake: "stoo ulikuwa unafanya nini?" Ya pili ni mwili kugeuka, mabega yake yakakuelekea yote mawili. Ya tatu ni mkono kutafuta kalamu. Hapo ndipo wasifu unapotoka, kwa kuwa sasa ana cha kuandika juu yake. Mpe ukiwa umeelekea upande wake, usimlazimishe kuuzungusha, na mwoneshe kwa kidole mstari ule mliokuwa mnauzungumzia. Karatasi yenye alama ya kalamu juu yake huwa haipotei kirahisi kwenye lundo jioni wanapopanga.

Dalili za upande wa pili nazo ziko wazi. Anakupa kipeperushi bila kuulizwa. Anasema "karibu sana, karibu sana" huku kichwa kinatikisika haraka. Macho yanapita juu ya bega lako. Ukiona mbili kati ya hizo, usiongeze maneno, kwa sababu unachoongeza sasa anakisikia kama kung'ang'ania. Uliza kitu kimoja cha kiutaratibu ambacho hakikuwa kwenye tovuti, kwa mfano maombi ya wahitimu hufunguliwa miezi gani, shukuru kwa jina lake, ondoka. Kuondoka vizuri kunakuruhusu kurudi saa nane, meza ikiwa tupu, ukasema "nilipita asubuhi kulikuwa na watu wengi".

Saa yenyewe ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Saa ya kwanza baada ya milango kufunguliwa wenyeji wana nguvu na foleni hazijajaa. Kuanzia saa tano hadi saa saba ndipo mabasi ya wanafunzi yanapokuwa yameshafika. Hapo hata sentensi nzuri inaangukia masikio yaliyochoka. Panga mabanda yako matatu ya muhimu kwenye saa ile ya kwanza, lakini usianze na la muhimu kuliko yote. Anza na mawili ambayo huna hamu nayo sana. Sauti ya kwanza ya siku hutoka kavu na ya haraka, na ni bora ikaukie huko.

Mazoezi yafanyike kwa sauti. Kuisoma kimoyomoyo kunadanganya, kwa kuwa kimoyomoyo hakuna pumzi. Washa redio kwa sauti ya kutosha ili chumba kiwe na kelele, weka simu inarekodi umbali wa mita moja, simama wima, sema salamu, nyamaza sekunde mbili kwa ajili ya jibu la mwenyeji, kisha sema sentensi yako. Sikiliza rekodi ukitafuta mambo matatu tu: jina limesikika herufi zote, kila nukta ina pumzi, na swali limepanda mwishoni au limemezwa. Swali likimezwa, mwenyeji hajui kama ni zamu yake, panatokea ukimya, na kwenye ukimya huo mkono wako utakimbilia faili. Kisha mwombe mtu wa nyumbani akukatize katikati, akupigie chafya au aseme "samahani, umesemaje?" Bandani ndivyo itakavyokuwa, na ukikatizwa hupaswi kurudi mwanzo, rudia kipande kile kimoja kilichopotea, uendelee.

Kuna ambacho sekunde hizi haziwezi. Kampuni nyingi kubwa haziajiri bandani kabisa. Hata aliyekupenda sana atakuambia uombe kwenye tovuti, na safari hii atakuwa anasema kweli. Tofauti ni kwamba sasa unaweza kumuuliza nafasi ya fani yako huandikwa kwa jina gani kwenye tovuti hiyo, kwa kuwa kazi ile ile kampuni moja huiita ofisa ununuzi na nyingine mratibu wa ugavi, na anayetafuta kwa jina moja tu huikosa. Jibu lake liandike nyuma ya kipeperushi mara utakapotoka kwenye banda, pamoja na jina lake na saa mliyoongea, kabla hujafika banda linalofuata.